Kazi tano ndani ya miaka mitano: namna ya kuzipanga kwenye wasifu zisomeke kama safari moja

*Swali: Mimi ni dada wa miaka 31, kazi yangu ni stoo na ununuzi. Tangu Machi 2020 nimepita sehemu tano: msambazaji wa dawa, kiwanda cha vifungashio, mradi wa afya, kampuni ya ujenzi, na sasa niko hospitali binafsi. Kwingine mkataba uliisha, kwingine tulipunguzwa, kwenye ujenzi niliondoka mwenyewe baada ya miezi 4 maana mishahara ilikuwa haitoki. Juzi nimekosa nafasi nikaambiwa "unahamahama sana". Je, nifute baadhi ya kazi, niweke miaka tu bila miezi, au niandikeje?*

Dada yangu, usifute chochote kwanza. Pamoja na swali ulinitumia wasifu wako na maelezo marefu ya kila kazi, na jambo la kwanza nililofanya ni kupiga hesabu ya tarehe. Kwa msambazaji wa dawa ulikaa kuanzia Machi 2020 hadi Aprili 2021, miezi 14, mkataba ukaisha. Kiwandani ulikuwa Juni 2021 hadi Machi 2022, miezi 10, wafanyakazi wakapunguzwa. Kwenye mradi ulikuwa Septemba 2022 hadi Juni 2023, miezi 10 tena, mradi ukafungwa. Ujenzi ni Agosti hadi Novemba 2023, miezi 4, ukatoa notisi. Hospitalini uko tangu Januari 2024 na hujaondoka.

Umetoka kazini mara nne, na katika mara hizo nne ni moja tu uliyoamua mwenyewe kuondoka. Nimeusoma wasifu wako mara mbili kulitafuta jambo hilo na sikuliona popote. Umeandika cheo, mahali na tarehe, basi. Aliyekuambia unahamahama alikusoma kama mtu aliyeamua kuondoka mara nne, kwa kuwa hukumpa namna nyingine ya kukusoma.

Ili ujue cha kurekebisha, inafaa kuelewa msomaji huyo anafanya nini. Nimechambua maombi ya kazi kwa miaka mingi, na katika mpitio wa kwanza macho huenda sehemu tatu: cheo cha sasa, majina ya mahali, na safu ya tarehe. Kwenye tarehe mtu hutoa hesabu kichwani. Akiona 14, 10, 10, 4, anasimama na kujiuliza maswali mawili. La kwanza, je, huyu naye ataondoka baada ya miezi kumi, wakati ndio kwanza ameanza kuijua kazi? La pili halisemwi kwa sauti: kuna jambo gani lilitokea huko alikotoka?

Kwa fani yako swali hilo la pili lina uzito kuliko kwa mwalimu au mchoraji ramani. Mtu wa stoo na ununuzi anashika mali na anagusa pesa. Akikaa muda mfupi, msomaji haishii kuwaza kwamba labda hakuelewana na mkuu wake. Anawaza upungufu wa stoki, nukuu za bei za kughushi, mzabuni aliyependelewa. Hakuna atakayekuuliza hivyo usoni. Wasifu wako utawekwa tu kwenye rundo la wasioitwa. Kwa hiyo wasifu wako una kazi mbili: kuonyesha kwamba safari yako ina mwelekeo, na kuonyesha kwamba kila stoo uliyoiacha uliiacha safi.

Nianze na hilo la sababu za kuondoka, kwa kuwa ni jepesi na linabadilisha mengi. Kazi iliyokuwa ya mkataba wa muda maalumu iandikwe hivyo, palepale pembeni ya cheo. Kwa msambazaji wa dawa, maelezo yako yanasema mkataba ulikuwa wa mwaka 1, kisha ukaongezwa miezi 2 ili umalize zoezi la kuhesabu mali. Andika: "mkataba wa mwaka 1, ukaongezwa miezi 2". Maneno hayo machache yanageuza ile miezi 14 kutoka kasoro kuwa sifa, kwani hakuna anayemwongezea muda mtu asiyemtaka. Kiwandani andika "nafasi ilifutwa katika upunguzaji wa wafanyakazi". Kwenye mradi andika "mkataba wa miezi 10, hadi mradi ulipofungwa". Usizidishe hapo. Sababu ya kuondoka huandikwa kwenye wasifu pale tu inapokuwa fupi, isiyo na lawama, na inayoweza kuthibitishwa na mwajiri wa zamani akipigiwa simu. Ugomvi, uchovu au mshahara mdogo haviingii kwenye wasifu hata kama ni kweli.

Sasa mwelekeo. Hapa watu wengi hukosea kwa kuanza na kazi ya kwanza na kuja mbele, wakitafuta hadithi. Anza na kazi unayoitaka, urudi nyuma. Umesema lengo lako ni kusimamia ugavi wa dawa na vifaa tiba, hospitalini au kwa msambazaji. Chukua tangazo moja la nafasi ya namna hiyo, liweke mbele yako, kisha kwa kila kazi uliyofanya ujiulize: hapa nilipata nini ambacho sikuwa nacho kabla, na kazi iliyofuata ilikitumiaje?

Nimefanya zoezi hilo kwa maelezo yako. Kwa msambazaji wa dawa ulijifunza kutunza mali inayoharibika kwa tarehe: kinachokaribia kuisha muda hutoka kwanza, joto la chumba hupimwa na kuandikwa, mali iliyoisha muda hutengwa isichanganyike na nzima. Hujawahi kununua kitu huko; ulikuwa unapokea na kutoa. Kiwandani ukahamia upande wa pili wa meza, ukawa unatafuta wazabuni, unalinganisha nukuu, unafuatilia mzigo uliochelewa. Kwenye mradi wa afya ukarudi stoo, lakini safari hii kila ununuzi ulikuwa na jalada ambalo mkaguzi angelifungua siku yoyote. Na hospitalini sasa unafanya yote matatu kwa pamoja: unanunua, unatunza vitu vyenye tarehe, na unaweka hati zinazokaguliwa. Kazi nne kati ya tano zinaungana bila kulazimishwa, na tatu kati ya hizo ni za bidhaa za afya.

Kuna sentensi moja uliyoiandika kwa kupita tu, ambayo kwangu ina thamani kuliko nyingine zote. Ulisema kwamba baada ya kupunguzwa kiwandani ulikaa miezi 5 bila kazi, na katikati ya miezi hiyo uliitwa kwenye kiwanda kingine ukakataa kwa sababu ulitaka kurudi kwenye mambo ya dawa. Dada, huo ni uamuzi. Hapo ndipo safari yako inapoonekana kuwa ya makusudi, kwani ulikuwa na njia mbili, ukaacha iliyo rahisi. Hiyo utaitumia kwenye barua ya maombi na kwenye usaili.

Nakutahadharisha hapo hapo. Usiandike kwamba mwaka 2020 ulishapanga kupita sehemu tano ili uwe msimamizi wa ugavi. Si kweli, na mtu aliyewahi kutafuta kazi anajua si kweli. Mwelekeo unaoweza kuutetea ni ule unaoonekana ukitazama nyuma, pamoja na yale maamuzi machache uliyoyafanya kwa makusudi. Sema "kazi zangu zimenijenga katika...", usiseme "nilipanga tangu mwanzo".

Mwelekeo huo uwekwe juu kabisa ya wasifu, chini ya jina na mawasiliano, kabla msomaji hajafika kwenye tarehe. Akiusoma kwanza, tarehe zitamkuta ameshajua anatazama nini. Hivi ndivyo ningekuandikia:

"Afisa ununuzi wa dawa na vifaa tiba. Nina zaidi ya miaka 4 ya kazi ya stoo na ununuzi: nilianza kwa msambazaji wa dawa, nikajifunza ununuzi kiwandani, nikasimamia stoo na majalada ya ununuzi ya mradi wa afya hadi ulipofungwa. Sasa ninanunua dawa na vifaa vya hospitali binafsi. Natafuta nafasi ya kusimamia mnyororo mzima wa ugavi wa afya, kuanzia makadirio ya mahitaji hadi bidhaa inapomfikia mtumiaji."

Ona kwamba "zaidi ya miaka 4" ni hesabu halisi. Nimejumlisha 14, 10, 10, 4 na 18 ya hospitalini hadi ulipoandika, ikawa miezi 56, yaani miaka 4 na miezi 8. Kama ungeandika "miaka 5 na zaidi" ungekuwa umehesabu na miezi uliyokaa nyumbani, na msomaji mwenye kalamu angekukamata.

Linalofuata ndilo ningependa ulitumie muda mwingi zaidi. Kwenye kila kazi umeandika majukumu: "kupokea na kutoa bidhaa, kutunza kumbukumbu, kazi nyingine kama nitakavyoelekezwa na mkuu". Tatizo la jukumu ni kwamba halina mwisho. Kupokea na kutoa bidhaa kunaendelea milele, hivyo ukikufanya kwa miezi 10 unaonekana umekatizwa njiani. Ila kazi iliyokuwa na mwanzo na mwisho wake inaonekana imekamilika hata ikiwa ya miezi 6. Kwa kila kipindi kifupi, tafuta kitu ulichokianza au kukipokea, ukakifikisha mahali. Mradi wa afya, kwa mfano, usomeke hivi:

"Afisa stoo, mradi wa afya, Septemba 2022 – Juni 2023 (mkataba wa miezi 10, hadi mradi ulipofungwa). Nilifungua stoo ya mradi na kuiendesha tangu shehena ya kwanza hadi makabidhiano ya mwisho. Nilitunza jalada la kila ununuzi lenye ombi, nukuu tatu, hati ya agizo na hati ya kupokelea mali. Majalada yalikaguliwa wakati wa kufunga mradi. Nilikabidhi stoo kwa hesabu iliyosainiwa na pande mbili."

Huo mstari wa mwisho unajibu lile swali lisilosemwa. Kama unazo nakala za hati za makabidhiano, na mwajiri aliruhusu ubaki nazo, zihifadhi. Kama huna, mwombe mkuu wako wa wakati ule akubali kuwa mdhamini wako na umkumbushe kwamba utaitaja hesabu hiyo. Ila uandike makabidhiano pale tu yalipofanyika kweli. Kwenye kazi ambayo uliondoka bila hesabu, kaa kimya juu ya hesabu.

Kwa msambazaji wa dawa nako una jambo lililokamilika: lile zoezi la kuhesabu mali ambalo waliongeza muda kwa ajili yake. Kiwandani uliniambia ulitengeneza orodha ya wazabuni wa malighafi yenye bei na muda wao wa kuleta mzigo, na iliendelea kutumika baada yako. Weka hiyo. Usijaze mistari sita kwa kila kazi. Miwili au mitatu inatosha, na hospitali ndiyo ipewe nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndipo ulipokaa muda mrefu na ndipo panapofanana na unakokwenda.

Tuje kwenye ujenzi, ile miezi 4. Naelewa kwa nini unatamani kuifuta. Kwa kanuni za uandishi, wasifu si kiapo, na mtu anaweza kuacha kazi ya wiki tatu isiyohusiana na anachoomba bila kumdanganya yeyote. Lakini kwako ukiifuta unabaki na pengo la kuanzia Julai hadi Desemba 2023, miezi 6, ambalo litahitaji maelezo mengi kuliko kazi yenyewe. Pili, waajiri wengi wana fomu ya maombi inayotaka kazi zote, na mwombaji husaini chini yake kwamba taarifa zimekamilika. Fomu ikisema tano na wasifu ukasema nne, umejiundia tatizo la uaminifu katika fani inayoishi kwa uaminifu. Likigundulika baada ya kuajiriwa, linaweza kukufukuzisha kazi.

Iache, kwa mstari mmoja: "Afisa ununuzi, kampuni ya ujenzi, Agosti – Novemba 2023. Ununuzi na ufuatiliaji wa vifaa kwa maeneo mawili ya ujenzi." Hakuna sababu, hakuna kujitetea. Kipindi kimoja kifupi kati ya vingine vilivyoelezeka hakimshtui mtu. Kinachoshtua ni vinne visivyo na maelezo. Ukiulizwa kwenye usaili, jibu ulilonalo ni zuri likibaki fupi: "Mishahara ya miezi miwili haikutoka. Nilitoa notisi, nikakabidhi majalada, nikaondoka." Kisha nyamaza. Nimeona wasailiwa wengi wakiharibu jibu kama hilo kwa kuendelea, wakieleza tabia za mkurugenzi na ahadi zake, hadi msaili anaanza kujiuliza na yeye atasemwaje siku moja.

Kuhusu kuweka miaka bila miezi: hila hiyo inajulikana sana. "2021 – 2022" inaweza kuwa miezi 2 au miezi 24, na msomaji mzoefu huchukua iliyo fupi. Kwako ingezidi kuwa mbaya, kwa sababu mwaka 2023 ungetokea kwenye kazi mbili mfululizo na kazi ya ujenzi ingesomeka "2023" peke yake, kana kwamba unaificha. Isitoshe, mwajiri anapouliza ulikotoka, mara nyingi anachothibitishiwa ni mambo mawili tu: tarehe na cheo. Hayo mawili ndiyo usiyoyachezea kabisa. Andika mwezi na mwaka kwa mtindo mmoja kote, na uhakikishe ukurasa wako wa LinkedIn, kama unao, unasema vilevile. Kwa sababu hiyohiyo usijipandishe cheo. Ikiwa barua ya ajira ilisema "karani wa stoo", andika hivyo, halafu kazi yako halisi ieleze kwenye mistari ya chini.

Utashauriwa pia upange wasifu kwa ujuzi badala ya kazi: ukurasa mzima wa "mawasiliano", "ununuzi", "uongozi", na kazi zikakusanywa mwishoni kama orodha ndogo. Sikushauri. Msomaji akikutana na wasifu wa namna hiyo, anaruka moja kwa moja kutafuta tarehe, kwa sababu anajua kwa nini zimefichwa. (Kukusanya kunakubalika katika hali moja ambayo si yako: mtu aliyefanya mikataba mingi mifupi ya aina ileile, au aliyepelekwa sehemu mbalimbali na wakala mmoja. Huyo anaweza kuweka kichwa kimoja chenye tarehe ya mwanzo na ya mwisho, kisha akataja sehemu alizopelekwa chini yake.)

Mapengo ya mwezi mmoja mmoja, kama Mei 2021 na Desemba 2023, yaache kama yalivyo. Ile miezi 5 ya Aprili hadi Agosti 2022 ndiyo itakayoulizwa, na jibu lake linafaa kuwa moyo wa barua yako ya maombi. Aya moja tu, yenye maneno kama haya: "Baada ya nafasi yangu kiwandani kufutwa nilipata fursa ya kuendelea na ununuzi wa viwandani. Niliiacha na kusubiri nafasi ya mradi wa afya, kwa kuwa nilitaka kurudi kwenye ugavi wa dawa nilikoanzia." Mahali pengine pote kwenye barua zungumzia kazi unayoiomba, usirudie historia.

Ukishamaliza, ujaribu hivi. Mpe mtu asiyeijua kazi yako ukurasa huo kwa nusu dakika, kisha uuchukue na umuulize: huyu anafanya kazi gani, na anaelekea wapi? Akijibu "anahusika na dawa na ununuzi, anataka kusimamia", umefika. Akijibu "amefanya kazi sehemu nyingi", rudi kwenye zile sentensi za juu na kwenye mabano ya mikataba, maana kuna kitu bado hakionekani.

Kuna mpaka ambao uandishi hauwezi kuuvuka, nami nausema kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa. Ikiwa mtu ameondoka mwenyewe sehemu nne, na mara zote nne ni kwa sababu moja, kama kutoelewana na mkuu au kuchoka baada ya miezi michache, wasifu uliopangwa vizuri utamfikisha kwenye usaili tu. Huko sababu hiyo itajitokeza, na mwajiri wa nne atakapopigiwa simu atasema kama wa tatu. Kinachomsaidia huyo ni kukaa kwenye kazi inayofuata hadi akamilishe kitu kikubwa. Wewe hauko huko.

Lakini utaulizwa "kwetu utakaa muda gani?", hakika utaulizwa, na usiahidi miaka. Ahadi ya miaka mitano kutoka kwa mtu mwenye tarehe kama zako haiaminiki. Jibu kwa kazi ambayo haimalizwi haraka, uitoe kwenye tangazo lao lenyewe. Kama wameandika wanataka kupunguza dawa zinazoisha muda stoo, waambie: "Kupunguza dawa zinazoisha muda kunahitaji mwaka mmoja wa kujua matumizi halisi ya kila idara, na mwaka wa pili wa kununua kwa makadirio hayo na kuona kama yanafanya kazi. Hospitalini nimeanza kuona nusu ya kwanza. Nataka mahali nitakapoifanya yote, hadi mzunguko wa pili wa bajeti." Kisha uwaulize wao stoo yao huhesabiwa mara ngapi kwa mwaka, na nani husaini.